Wati zangu zinasema dakika 10, Riat inasema 15: hesabu inavuja wapi?

MpandaRiat (Kisumu)

Wapanda baiskeli, habari zenu. Nina swali ambalo limeninyima raha.

Nimefunga pawa mita kwenye krenki ya kushoto. Kilima changu cha kujipima ni Riat, kwenye barabara ya Kakamega ukishapita Mamboleo. Nimechagua kipande cha kilomita 4 kamili, na kompyuta ya baiskeli inanipa mita 240 za kupanda, yaani mwinuko wa asilimia 6. Jumamosi jioni nilikipanda kwa dakika 15 na sekunde 10, wastani wa wati 230. Mwili wangu ni kilo 62, kwa hiyo nina wati 3.71 kwa kila kilo.

Nikachukua fizikia ya sekondari: kuinua kilo 62 mita 240 kwa wati 230. Jibu likatoka dakika 10 na sekunde 35. Nani amekula hizo dakika nne na nusu?

La pili ndilo linaloniuma zaidi. Mwenzangu ana kilo 84 na siku hiyo alisukuma wastani wa wati 300, ambayo ni 3.57 kwa kilo. Mimi ninamzidi kwa uwiano, lakini yeye alimaliza kwa 14:55. Kila mtu anasema mlimani uwiano ndio mfalme. Mfalme gani huyu anayeshindwa na kilo 84?

---

Kasi_Eldy (Eldoret)

Bro, acha fizikia ya sekondari. Kuna kanuni ya Michele Ferrari, yule daktari Mwitaliano aliyefungiwa maisha na USADA mwaka 2012 kwa mambo ya dawa. Mtu mwenyewe tumwache, ila kanuni yake inafanya kazi. Unachukua wati kwa kilo za mwili, unazidisha kwa 200 pamoja na mara kumi ya asilimia ya mwinuko. Kwako ni 3.71 mara 260, sawa na mita 965 za kupanda kwa saa. Mita 240 utazimaliza kwa 14:56. Umekosea kwa sekunde 14 tu. Kesi imefungwa.

Huyo mwenzako labda mizani yake inadanganya. Au pia usitumie wastani, tumia NP, ndiyo inayoonyesha kazi halisi ya miguu.

---

Nyar Ahero (Kisumu)

Kesi haijafungwa, ndugu Kasi. Ipitishe kanuni hiyo hiyo kwa mwenzake: 3.57 mara 260 ni mita 928 kwa saa, na kwa mita 240 inampa 15:30. Alipanda kwa 14:55. Yaani kanuni imemwambia mwepesi atashinda kwa zaidi ya nusu dakika, na barabarani mzito ndiye aliyeshinda. Kanuni inayogeuza mshindi haiwezi kuachwa hivi hivi. Ilitengenezwa kwa wanamashindano wembamba wanaopanda milima mikali, na uzito wa baiskeli, tairi na hewa umefichwa ndani ya ile 260. Mtu akiwa na mwili tofauti na wao, kilichofichwa kinatokea.

Na NP iache kabisa kwa kazi hii. NP inapima uchovu wa mwili pale wati zinapopanda na kushuka. Kilima hakijui uchovu wako, kinajua kazi iliyofika kwenye gurudumu. Kwa kutabiri muda, wastani wa kawaida ndio wa kutumia.

MpandaRiat, kabla sijaendelea: baiskeli yako, viatu, kofia, chupa za maji, simu na zana, vyote kwa pamoja vina kilo ngapi? Na mlipanda mkifuatana?

---

MpandaRiat

Asante dada. Nimepima kwenye mizani ya gunia hapa dukani: kila kitu nisichozaliwa nacho ni kilo 11. Vya mwenzangu pia vinakaribia 11. Hatukufuatana, yeye alitangulia kama dakika tano, mimi nikaanza peke yangu. Sikumwona mpaka juu.

---

Nyar Ahero

Vizuri, basi hakuna aliyemkinga mwenzake upepo. Twende polepole, tuone kila dakika imeliwa na nani.

Ulianza na 10:35. Hiyo ni dunia ambamo mwili wako unapanda Riat bila baiskeli, bila hewa na bila tairi. Weka baiskeli na mizigo, uzito unakuwa kilo 73. Wati ni zile zile 230, lakini muda umeruka hadi 12:27. Karibu dakika mbili zimeondoka, na hapo ndipo wengi wanapopotelea, kwa sababu wanagawa wati kwa kilo za mwili halafu wanapandisha kilo za mwili na chuma.

Pawa mita yako iko kwenye krenki, inasoma kabla ya cheni. Cheni na gia zinakula kidogo. Kwa cheni safi yenye mafuta mimi huweka asilimia 3. Kwenye gurudumu zinafika wati 223, na muda unakuwa 12:50.

Halafu tairi. Tairi inajikunja na kujikunjua kila inapozunguka, na lami ya kokoto za kukwaruza inaitetemesha. Kwa lami ya kwetu nimeanza na namba 0.006. Maana yake, kwa kila kilo 1,000 za uzito unasukuma nguvu sawa na kuinua kilo 6. Inaonekana ndogo, lakini mwinuko wenyewe ni 0.06, kwa hiyo tairi ni kama mtu ameongeza sehemu moja ya kumi ya kilima. Muda: 14:07.

Mwisho, hewa. Ukipanda kwa kilomita 16 kwa saa, mikono juu ya breki, hewa inakula karibu wati 15. Muda: 15:07.

Wewe ulipata 15:10.

Sasa mwenzako. Uzito wake wote ni kilo 95, na wati 300 gawa kwa 95 ni 3.16. Wewe 230 gawa kwa 73 ni 3.15. Mko sawa! Kwa uzito wa mwili unamzidi, lakini kilo 11 za baiskeli kwako ni mzigo mkubwa kuliko kwake. Wewe unapandisha karibu asilimia 18 ya mwili wako, yeye 13 tu. Halafu inakuja hewa: yeye ni mpana kuliko wewe, ila si mpana kwa kiasi kile anachokuzidi wati. Nikimpa eneo la kukata hewa la 0.39 na wewe 0.34, yeye anatoka na 14:59 na wewe 15:07. Hakuna ajabu yoyote hapo.

Kilima kikiwa kikali zaidi, hiyo faida yake ya hewa inapungua. Kikiwa laini, inakua. Tambarare ya Ahero atakuacha vibaya sana.

Kwa anayetaka kuchezea namba zake, hii hapa kodi ya kompyuta, ya Python:

```python
def dakika(P, m, CdA, Crr=0.006, L=4000, H=240, ro=1.01, upepo=0):
    a, b = 0.5, 15
    for _ in range(60):
        v = (a + b) / 2
        w = v + upepo
        F = m*9.81*(H/L + Crr) + 0.5*ro*CdA*w*abs(w)
        if F*v < 0.97*P: a = v
        else: b = v
    return L / v / 60

print(dakika(230, 73, 0.34))
```

`P` ni wati, `m` ni uzito wote, `CdA` ni eneo la kukata hewa, `Crr` ni namba ya tairi, `L` ni urefu wa kipande na `H` ni mita za kupanda. `ro` ni kilo za hewa kwa kila mita ya ujazo, 1.01 ni ya Riat kukiwa na joto la nyuzi 26 hivi, si ya usawa wa bahari. `upepo` ni mita kwa sekunde, chanya ukiwa unakupiga usoni. Jibu linatoka kwa dakika za desimali: 15.12 ni 15:07.

---

Mkate wa Asubuhi (Kiboswa)

Nawasalimu. Mimi natumia hiyo barabara kila siku ya kazi, nina blak mamba ya kilo 22 na kreti za mkate za kilo 30 hivi, natoka Kondele kupeleka Kiboswa. Mimi mwenyewe ni kilo 70. Sina hiyo mita yenu. Nataka kujua nina wati ngapi na kama naweza kushindana na hawa wa baiskeli za elfu mia mbili. Hicho kipande mnachosema nakipanda kwa dakika 32 hivi.

---

Nyar Ahero

Kaka, swali lako ni la MpandaRiat likigeuzwa: yeye anajua wati anatafuta muda, wewe unajua muda unatafuta wati. Uzito wako wote ni kilo 122. Tairi zako ni nene na nzito, nimezipa 0.009. Kwa dakika 32 unatembea karibu mita 2.1 kwa sekunde, na kwa kasi hiyo hewa haina la kusema. Inatoka karibu wati 180 kwenye pedali, ambazo ni kama 2.6 kwa kila kilo ya mwili wako.

Lakini nikuulize: unapanda mwanzo mpaka mwisho bila kushuka?

---

Mkate wa Asubuhi

Pale penye kona kali nashuka nasukuma kwa mkono, kisha napanda tena. Gia ni moja, dada.

---

Nyar Ahero

Basi hesabu inachafuka. Kazi ya kuinua kilo 122 umeifanya hata hivyo, kwa miguu ya kutembea au ya pedali, kwa hiyo wastani wa karibu 180 haujafa. Ila haituambii miguu yako kwenye pedali ingeweza nini. Kwa gia yako moja na kasi ile, pedali zinazunguka chini ya mara 25 kwa dakika. Hapo kinachokushinda ni uzito wa kila hatua, pumzi inaweza kuwa bado ipo. Ukitaka kujua, omba baiskeli yenye gia, weka kreti chini, panda kipande hicho hicho bila kushuka, kisha lete muda. Nakadiria muda wako utapungua sana.

---

Fundi wa Cheni (Kondele)

Mimi nazitengeneza hizi mashine. Nataka kuuliza kuhusu hiyo asilimia 3 ya cheni. Baiskeli zinazoletwa kwangu, nusu zina cheni kavu imejaa mchanga na vumbi la miwa, meno ya gia yamechongoka kama papa. Hizo hazipotezi 3. Sina chombo cha kupima, lakini ukizungusha kwa mkono unasikia tofauti. Ndugu Mpanda, cheni yako ikoje?

Na la pili: pawa mita ya upande mmoja inasoma mguu wa kushoto halafu inazidisha kwa mbili. Mguu wako wa kulia ukiwa na nguvu kuliko wa kushoto, kila namba uliyoweka hapa ni ndogo kuliko ukweli.

---

MpandaRiat

Cheni ni mpya, naisafisha kila wiki. Lakini hilo la mguu limenigusa, kwa sababu niliwahi kuumia goti la kushoto kwenye mpira. Nitajuaje bila kununua nyingine ya kulia?

---

Fundi wa Cheni

Nusu ya jibu ninayo. Njoo na baiskeli, tutafunga gurudumu la nyuma lisizunguke, krenki ilale mbele sambamba na ardhi, tuning'inize uzito tunaoujua kwenye pedali. Kilo 20 kwenye krenki ya milimita 170 lazima isome 33.4 Nm. Kabla ya hapo mita iwekwe sifuri bila chochote kwenye pedali, na baiskeli iwe imekaa nje ya jua mpaka chuma kipoe, maana joto linaipeleka mbali. Ikisoma 33 na kitu, mita ni nzima. Uzito lazima upimwe, usiniletee jiwe la kukisia.

Hiyo inatuambia mita inasema kweli kuhusu mguu wa kushoto. Kuhusu wa kulia haituambii kitu.

---

Nyar Ahero

Fundi amesema sawa. Na ukubwa wa tatizo ni huu: mguu wa kushoto ukibeba 48 na wa kulia 52, mita inakusomea asilimia 96 tu ya ukweli. Wati 230 zako zingekuwa karibu 240 halisi, na wati 10 kwenye kilima hiki ni sekunde 33. Kwa kulinganisha, kupunguza kilo 2 mwilini kunakupa sekunde 20.

Kwa mtu anayefuata maendeleo yake mwenyewe kilima ni kile kile, mguu ni ule ule, kosa halimsumbui sana. Anayejilinganisha na mwenzake ndiye wa kuhofu.

---

Vumbi la Menengai (Nakuru)

Nimeichukua hiyo kodi ya Nyar Ahero nikaijaribu na kilima changu cha kupanda mgongo wa Menengai kwa njia ya udongo na changarawe, nikatoka na muda wa kuota. Nilichelewa kuliko utabiri kwa zaidi ya dakika moja. Nimeweka uzito wote, nimeweka kila kitu. Sisi huku tuko juu, hewa ni nyepesi, nilitegemea niwe na kasi zaidi, si pungufu.

---

Nyar Ahero

Dada, uliacha `Crr=0.006`? Hiyo ni lami. Kwenye udongo wenye changarawe iweke 0.012 uone. Kwa MpandaRiat, kilima kile kile kikiwa cha udongo wa aina hiyo kingekuwa 16:16 badala ya 15:07. Na kwenye changarawe iliyolegea hakuna namba moja, inabadilika kwa mvua, kwa upepo wa tairi, hata kwa upande wa barabara uliochagua.

Hewa nyepesi usiitegemee sana mlimani. MpandaRiat akiwa karibu mita 2,400 juu badala ya Riat, kwa wati zile zile kwenye mwinuko wa asilimia 6 anaokoa sekunde 5.

---

Kasi_Eldy

Kwa wati zile zile, hapo ndipo penye mtego. Huku juu huzipati wati zile zile. Wageni kutoka Kisumu wakija Iten wanaishiwa pumzi, na ukipoteza asilimia 5 ya wati hizo sekunde 5 hazikusaidii.

---

Nyar Ahero

Kweli. Asilimia 5 kwa MpandaRiat ni kama sekunde 42. Ila ni kiasi gani hasa mtu anapoteza kinatofautiana sana kati ya mtu na mtu, na aliyezaliwa Eldoret si sawa na aliyefika jana. Mimi siwekei namba hapo, napendelea mtu asome mita yake akiwa huko.

---

Vumbi la Menengai

Nimejaribu 0.012, nimebakiza tofauti ya sekunde 20. Nitaikubali, maana juu kuna sehemu tairi ya nyuma inateleza.

---

MpandaRiat

Nimeenda kwa Fundi. Kilo 20 zilizopimwa zimesoma 33.2. Mita ni nzima.

Lakini nimeona kitu kingine. Nina safari nyingine ya Riat ya wiki iliyopita, asubuhi na mapema, nilikuwa napanda taratibu kwa wastani wa wati 170. Muda ulikuwa 20:35. Kodi inasema 19:53. Jioni kwa nguvu kosa sekunde 3, asubuhi polepole kosa sekunde 42. Kwa nini hesabu iwe kweli jioni na uongo asubuhi?

---

Fundi wa Cheni

Ulibadilisha tairi? Asubuhi ulijaza upepo?

---

MpandaRiat

Tairi ni zile zile, upepo naujaza kabla ya kila safari, namba ni ile ile.

---

Nyar Ahero

Asubuhi na jioni ndio jibu, nadhani. Tuko kando ya ziwa. Usiku nchi kavu inapoa kuliko maji, na alfajiri hewa inateremka kutoka milimani kwenda ziwani. Riat iko kaskazini mwa mji, kwa hiyo alfajiri unapanda ukipigwa usoni. Mchana nchi inapata joto, upepo unageuka, unatoka ghuba ya Winam kuja bara, na jioni unakusukuma mgongoni.

Na usiudharau upepo kwa sababu ni mlima. Upepo wa mita 2 kwa sekunde, ambao bendera inapepea kidogo tu, ukikupiga usoni kwa wati 230 unakupeleka 16:04. Ukikusukuma unakupa 14:28. Ni zaidi ya dakika moja na nusu kati ya hizo mbili, na pawa mita haijui lolote.

Kwa hiyo asubuhi ulikuwa na upepo usoni wa kama mita 1.4 kwa sekunde. Hesabu inakaa.

---

Kasi_Eldy

Hapo sikubali, dada. Ukisema asubuhi upepo ulikuwa usoni, basi na jioni ulikuwa mgongoni, wewe mwenyewe umesema. Sasa jioni kodi ilipatia bila upepo wowote. Ikiwa kweli alisukumwa, angefika mapema kuliko 15:07. Hakufika. Kwa hiyo kuna kitu kingine kilichokuwa kinamrudisha nyuma jioni, na upepo ukakifunika. Mimi nasema ni tairi. Hiyo 0.006 uliikisia.

---

Vumbi la Menengai

Hapo Kasi ana hoja.

---

Nyar Ahero

Ana hoja, na nzuri. Safari mbili zenye upepo tofauti haziwezi kutenganisha tairi na upepo. Nimejaribu kulaumu tairi peke yake, bila upepo siku zote mbili: ili kupata 20:35 ya asubuhi tairi lazima iwe karibu 0.0086, lakini basi ili kupata 15:10 ya jioni mwili wake ungelazimika kukata hewa kwa 0.17 tu. Hiyo ni mtu aliyelala juu ya baiskeli ya mbio za kushindana na saa, si mtu wa mikono juu ya breki. Kwa hiyo tairi peke yake haitoshi, na upepo peke yake, kama Kasi alivyosema, hautoshi. Vyote viwili vipo.

MpandaRiat, tunahitaji safari mbili ndani ya saa moja yenye utulivu. Saa nne asubuhi hivi mara nyingi upepo wa usiku umekufa na wa ziwa haujaanza. Panda mara moja kwa nguvu, shuka, pumzika, panda tena polepole. Nguvu sawa mwanzo hadi mwisho, mikono mahali pale pale, baiskeli na chupa vile vile, na usipande nyuma ya lori wala matatu. Moshi wa jiko la barabarani ukienda juu wima, hiyo ndiyo siku.

Kasi ya baiskeli ndiyo inayotenganisha. Msuguano wa tairi hauangalii kasi, hewa inaangalia sana. Makosa ya safari zote mbili yakifanana, ni tairi. Yakiwa makubwa kwenye ile ya nguvu, ni hewa.

---

MpandaRiat

Nimerudi. Leo ziwa lilikuwa kama kioo, moshi wa wachoma mahindi ulikuwa umesimama wima.

Ya kwanza: wastani wati 226, muda 15:41.
Ya pili: wastani wati 166, muda 20:44.

Zote mbili nimechelewa kuliko kodi.

---

Nyar Ahero

Safi sana, hizi ndizo namba nilizozitaka. Nimeacha hewa kwenye 0.34 nikatafuta tairi inayotoa muda wako. Safari ya polepole inataka 0.0075. Ya nguvu inataka 0.0077. Zimekubaliana, na kasi za safari hizo mbili zilitofautiana sana, kwa hiyo tairi yako kwenye lami ya Riat ni 0.0075 kwa sasa. Ukiiweka, kodi inatoa 15:39 na 20:45.

Sasa rudi kwenye safari za zamani na namba hiyo. Jioni ile kwa wati 230 bila upepo ungepata 15:24, ukapata 15:10. Hiyo ni upepo wa mgongoni wa karibu mita 0.65 kwa sekunde. Asubuhi kwa wati 170 ungepata 20:18, ukapata 20:35. Usoni, karibu 0.63. Upepo ambao ngozi haiusikii. Ndugu Kasi, tairi ulikuwa umeiona vizuri.

Kutoka sasa, MpandaRiat, kilima hicho ni chako. Ukitaka kujua wati 245 zitakupa nini siku tulivu, badilisha namba moja tu.

---

Kasi_Eldy

Hahaha asante. Lakini basi nauliza: ikiwa mguu wake wa kulia una nguvu zaidi kama Fundi alivyosema, wati zote ni zaidi ya tulizoandika, na hiyo 0.0075 imebeba makosa ya mguu ndani yake. Tairi inaweza kuwa mbovu zaidi ya hapo.

---

Nyar Ahero

Inaweza. Kosa la mguu ni asilimia ya wati, kosa la tairi ni asilimia ya uzito, na kwa kilima kimoja chenye mwinuko mmoja yanafanana sana machoni. Kwa kutabiri Riat haidhuru, kwa sababu yanakwenda pamoja. Kwa kupeleka namba hizo kilima kingine, kwa mfano kupanda kutoka Chemelil kwenda Nandi Hills, hapo ndipo zinaweza kukuangusha.

---

MpandaRiat

Mwenzangu ana pedali zinazopima pande zote mbili. Nitamwomba aniazime nipande nazo. Atakubali akijua nilikuwa natafuta namna ya kumshinda?

---

Fundi wa Cheni

Pedali hazina shida kufunga, dakika tano. Angalia tu uzi wa kushoto unageuzwa kinyume, na urefu wa krenki uandike upya kwenye kompyuta, la sivyo wati zitakuwa uongo tena.

---

Mkate wa Asubuhi

Nimeazimwa baiskeli ya gia na kijana wa hapa Kiboswa, kilo 13. Bila kreti, bila kushuka: dakika 19 na nusu. Dada, hesabu hiyo inasemaje?

---

Nyar Ahero

Kilo 83 zote, dakika 19 na nusu. Kwa tairi ya 0.0075 ni karibu wati 200, yaani kama 2.85 kwa kilo, na ni mara yako ya kwanza kwenye gia. Saa ngapi ulipanda?

---

Mkate wa Asubuhi

Saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya kazi.

---

Nyar Ahero

Basi upepo ulikuwa usoni. Panda tena saa nne.